Usaili wa kazi ya mezani: mgeni anayelalamika na zamu iliyozidiwa

Mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yanapiga, hoteli nyingi za ufukweni Unguja huwa zimefunga au zinaendesha vyumba vichache tu. Huo ndio wakati mameneja wanapotafuta wahudumu wapya, kwa sababu Julai ikiingia wageni huanza kujaa, na hakuna tena nafasi ya kumfundisha mtu kazi huku meza zinamsubiri. Nimehudumia mezani kwa miaka, nikawa kapteni wa wahudumu, na misimu kadhaa sasa naitwa kukaa kwenye usaili pamoja na meneja wa chakula na vinywaji na mtu wa utumishi. Mwongozo huu ni wa anayeomba uhudumu wa mgahawa, na unashughulikia maswali mawili ambayo hayakosekani: "Mgeni akilalamika unafanyaje?" na "Tuambie siku mliyozidiwa na kazi."

Mengine tunayaona kwa macho. Cheti unacho mkononi, na trei tutakupa uibebe. Lakini namna utakavyokuwa pale mgeni anapopandisha sauti na jikoni kumechemka, hiyo haimo kwenye karatasi. Wengi huanguka hapo kwa jibu zuri lisilo na kitu ndani: "Mimi ni mtulivu sana, na najua mgeni ni mfalme." Jibu hilo halitupi la kuandika. Tunataka kusikia ulifanya nini katika dakika ya kwanza, na baada ya hapo ulimwambia nani.

Hatua ya kwanza: tafuta kisa kimoja kinachojibu maswali yote mawili

Watu huja na visa viwili, kimoja cha mgeni mkali na kingine cha siku ya kazi nyingi. Kwenye mgahawa mambo hayo hayatengani hivyo. Mgeni hulalamika zaidi siku mliyozidiwa, na lalamiko lake huwezi kulimaliza peke yako, maana chakula kiko kwa mpishi, kinywaji kiko kaunta, na bei iko kwa meneja. Kwa hiyo tafuta siku moja ambayo yote yalikutana.

Kisa kizuri kina mambo matatu. Kwanza, kitu kiliharibika kweli, na si mgeni tu aliyekuwa mkorofi. Anayetusimulia jinsi mgeni alivyokuwa mjinga anatuonyesha atakavyowasema wageni wetu. Pili, wewe mwenyewe ulifanya jambo, hukusimama kutazama. Tatu, kuna mwenzako angalau mmoja ambaye bila yeye lisingetengenea.

Usiku wa kuamkia usaili chukua daftari, andika mistari mitano: palikuwa wapi na wageni walikuwa wangapi kwa wahudumu wangapi, mgeni alisema nini, nilifanya nini pale pale, nilimwambia nani na yeye akafanya nini, iliishaje na tulibadilisha nini. Usiandike hotuba ya kukariri. Aliyekariri hukatika akiulizwa swali katikati, na sisi huuliza katikati.

Kama hujawahi kuajiriwa hotelini, usibuni. Tunagundua haraka, kwa sababu tunauliza dirisha la kupokelea chakula lilikuwa upande gani na oda ziliandikwaje. Kisa cha mafunzo ya vitendo kinatosha. Hata shughuli ya harusi inatosha: umesimama kwenye sinia za biriani, upande wa wanawake wamekaa zaidi ya waliotarajiwa, mama mmoja analalamika meza yake imerukwa mara mbili. Mpangilio wa mistari mitano ni ule ule.

Hatua ya pili: iseme dakika ya kwanza kwa maneno uliyoyatumia

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia na pia kinapotuponza.

Sisi tuna "pole" na tuna "samahani", na kila moja ina kazi yake. Pole inamwambia mtu kwamba umeona taabu yake. Samahani inakiri kwamba kosa limetoka upande wako. Mgeni aliyenyeshewa mvua njiani anapewa pole. Mgeni aliyeletewa sahani isiyo yake anastahili samahani kwanza, na pole baadaye. Kiingereza kina neno moja linalobeba yote mawili, na usaili mwingi wa hoteli hugeukia Kiingereza katikati. Basi ukifika hapo usiliache neno hilo peke yake. Taja unaomba radhi kwa lipi: sahani isiyo sahihi, kusubiri dakika 40, bili iliyokosewa. Ukilitaja kosa kwa jina lake, mgeni anajua amesikika.

La pili ni "hakuna matata" na ndugu yake "hakuna shida". Wageni huyapenda maneno haya wakiwa wamefurahi. Mgeni anayelalamika akiambiwa hakuna shida, husikia kwamba shida yake haipo. Nimeona mzee mmoja akiinuka mezani kwa neno hilo tu, na kijana aliyelisema alikuwa anamtakia mema kabisa. Kwenye igizo la usaili watu wengi hulitoa bila kujua. Jizoeze kulinyamazisha.

La tatu ni "subiri kidogo". Kidogo ni dakika ngapi? Mwenye njaa hulipima neno hilo kwa njaa yake. Sema muda, na useme ule wa kweli. Samaki mzima wa kuchoma huweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Ukisema 10 ili umtulize, umejipangia lalamiko la pili, na hilo huwa kali kuliko la kwanza. Kama hujui muda, sema: "Naenda kuuliza jikoni, narudi kwako na jibu ndani ya dakika mbili." Kisha urudi, hata kama jibu ni baya.

Halafu kuna mwili. Nyumbani tumefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa anayekasirika, na hiyo ni heshima. Mgeni kutoka Ulaya huenda akasoma macho yaliyoinama kama dalili ya kuficha kitu. Mtazame usoni kwa upole. Tabasamu nalo lifungwe kwa muda, kwa sababu mtu anayeeleza kero yake huona anachekwa. Simama ubavuni pa aliyekasirika, usimsimamie juu ya kichwa, na inama kidogo sauti yako imfikie bila kuivusha meza. Sauti yako ikishuka, ya mgeni mara nyingi hushuka pia, maana inambidi anyamaze ili akusikie.

Mwache amalize. Kisha rudia alichosema kwa ufupi, kwa mfano: "Umeagiza samaki changu, umesubiri dakika 40, na kilichokuja ni pasta." Kurudia huku kunamhakikishia kwamba umeelewa, na kunakupa wewe taarifa kamili ya kupeleka jikoni. Kwenye usaili, sema wazi kwamba ulirudia na ulirudia kwa maneno gani. Hilo pekee hukutofautisha na watu wengi wanaosema "nilimsikiliza kwa makini".

Usieleze sababu. Mgeni hajauliza kwamba mmoja wenu anaumwa au kwamba jikoni gesi imeisha. Na usimtaje mwenzako: "Mpishi ndiye aliyekosea" ni jibu linalotuambia mambo mawili mabaya kwa pamoja, kwamba huwezi kubeba jina la nyumba, na kwamba jikoni hawatakuamini.

Hatua ya tatu: onyesha lalamiko lilivyopita kwenye mikono ya wenzako

Ukishaondoka mezani, kazi ya pamoja inaanza, na wasimuliaji wengi hukimbia hapa. Wanasema "tulishirikiana tukalimaliza". Tulishirikiana vipi?

Adabu ya Kiswahili inapenda "tuli-". Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kujisifu, basi kila kitu anasema tulifanya, tukapeleka, tukaongea. Mwisho wa kisa sijui yeye alikuwa wapi. Upande wa pili yupo anayesema "nili-" mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba mgahawa wa watu 60 aliubeba peke yake. Gawanya vitenzi vyako. "Nilimwambia kapteni." "Akachukua meza zangu tatu." "Mpishi akaweka samaki mpya mbele ya foleni." "Nikarudi mezani." Kila tendo lipe mwenyewe, na picha ya zamu itakuwa wazi bila kujisifu wala kujificha.

Taja pia ulivyoongea na jikoni. Kwenye dirisha la chakula mpishi ana oda kumi na tano mbele yake na hana nafasi ya hadithi. Taarifa nzuri ni fupi: meza gani, kitu gani, tatizo gani, unaomba nini. "Meza ya 9, changu mmoja, alienda meza nyingine, naomba mpya atangulie." Ukianza na "yaani huyu mgeni ananisumbua", umempa mpishi hasira yako na hukumpa kazi.

Na taja nani alibaki na meza zako. Swali hili hunivutia kuliko yote, kwa sababu mhudumu anayemshughulikia mgeni mmoja kwa dakika saba ameziacha meza nyingine tano bila mtu. Anayefikiria hizo tano anajua kazi.

Kisa kimoja kikiwa kizima

Binti mmoja alitusimulia hiki, na nimekihifadhi kwa sababu sikuhitaji kumuuliza maswali mengi. Nimekifupisha.

"Ilikuwa chakula cha mchana, mwezi wa Agosti. Tulipangwa wahudumu wanne, mmoja akaugua, tukabaki watatu kwa wageni kama 60. Saa saba na nusu boti ikarudi na wageni 14, wakakaa wote kwa pamoja. Meza ya 9 walikuwa mume na mke, wameagiza changu wawili wa kuchoma. Baada ya dakika 40 nikawapelekea changu mmoja na pasta ya kamba. Mume akanyanyua sauti, akasema wanaondoka na hawalipi.

"Niliiondoa pasta kwanza. Nikamwambia samahani, umesubiri dakika 40 na nimekuletea kisicho chako. Nikamuuliza mke kama angependa samaki wake arudishwe akae kwenye moto mpaka waliwe pamoja, au aanze. Akasema anaanza. Nikaenda dirishani, nikamwambia mpishi meza ya 9 inahitaji changu mmoja, wa kwanza ameenda kwingine. Akasema dakika 20. Nikamfuata kapteni, nikamweleza kwa sentensi mbili, nikamwomba ruhusa ya kumpa mume kitu cha haraka bila malipo. Akaniruhusu supu ya samaki, na yeye mwenyewe akachukua meza zangu tatu za karibu na bwawa. Kijana wa kaunta akaanza kutoa vinywaji vya wale wa boti moja kwa moja bila kutungojea.

"Nikarudi na supu, nikamwambia mume samaki wake ni dakika 20. Katikati nilipita nikamwambia zimebaki kama 10. Samaki alipokuja nikasubiri mume ale kidogo, nikamuuliza kama yuko sawa. Alisema yuko sawa, lakini hakuwa amefurahi. Bili wakalipa. Jioni kabla ya kufunga tukatafuta samaki alikwenda wapi. Oda zilikuwa za kuandikwa kwa mkono, na ile ya meza ya 9 ilibandikwa juu chini, ikasomwa 6. Tangu siku ile kila tarakimu ya 6 na 9 tuliipigia mstari chini."

Ona alivyotupa hesabu ya wageni na wahudumu tangu mwanzo, tukajua uzito wa zamu. Hakuahidi chochote kabla ya kuomba ruhusa. Alirudi mezani kabla muda haujaisha, na hilo ndilo linalomfanya mgeni aamini dakika zilizobaki. Na mwisho hakusema mgeni alimkumbatia. Alisema hakuwa amefurahi, na kwa neno hilo tukaamini yote yaliyotangulia. Sababu ya kosa nayo ilikuwa ndogo na ya kweli, na dawa yake ilikuwa ya zamu nzima.

Hatua ya nne: jiandae kwa maswali ya kuchimba

Ukimaliza kisa tutakibinya. "Kosa lilikuwa la nani?" Usiseme hakuna mwenye kosa, na usimtupie mwenzako. Taja mahali kosa lilipopita na sehemu yako ndani yake. Binti yule alijibu: "Mimi niliipeleka sahani bila kuilinganisha na oda yangu." Sekunde tano, tukaendelea.

"Meneja hayupo, mgeni anataka asilipe, utafanyaje?" Hapa tunapima kama unajua mwisho wa mamlaka yako. Mhudumu hafuti bili. Jibu ni kwamba utamwita aliyepewa zamu, awe kapteni au meneja wa usiku, utamwambia mgeni nani anakuja na baada ya muda gani, na utaeleza kisa chote kabla mkubwa hajafika mezani ili mgeni asilazimike kusimulia upya. Malalamiko ya bili ufukweni mara nyingi ni ya mgeni aliyelipia kifungua kinywa na chakula cha jioni akidhani vinywaji vimo. Hapo usibishane naye. Leta bili zenye saini yake, na ombeni mapokezi wathibitishe alicholipia.

"Mgeni akikutukana, au akikushika?" Wengi, hasa mabinti, hudhani jibu linalotakiwa ni kuvumilia. Mimi naliona hilo ni jibu baya, na meneja mzuri huona hivyo pia. Utulivu ni wa lalamiko la huduma. Mkono wa mgeni mwilini mwako si lalamiko. Sema utarudi nyuma hatua moja, utasema hapana kwa sauti ya kawaida, utaondoka mezani, utamweleza kapteni, na meza itachukuliwa na mwingine au na ulinzi. Ukiona wasaili hawakulipenda jibu hilo, umejua jambo kuhusu nyumba hiyo kabla hujasaini.

La mwisho ni la mzio, na hili lina utaratibu wake. Wakisema, "Mgeni anakwambia chakula kina kamba na yeye kamba wanamdhuru," usianze na kuomba radhi kwa urefu. Uliza kama ameshakula na anajisikiaje. Kama midomo inavimba, anapata shida kupumua au ngozi inawasha, ni dharura: mwite meneja na mtu wa huduma ya kwanza mara moja, na uliza kama ana dawa yake. Sahani iondoe lakini usiimwage, ili ijulikane alikula nini. Na kama hajala, usitoe kamba ukaurudisha wali ule ule. Chakula kipikwe upya kwenye chombo safi, maana mchuzi umeshagusa.

Hatua ya tano: igizo na zamu ya majaribio

Hoteli nyingi hazimalizii kwenye maneno. Mmoja wetu atakaa kwenye kiti, atajifanya mgeni na atakukemea. Usicheke na usitoke nje ya igizo kuuliza "sasa hapa niseme nini?" Mbinu yetu ya kawaida ni kunyamaza baada ya lalamiko. Ukimya huo huwatisha watu, wanaanza kuujaza kwa ahadi: nitakupa bure, nitakupunguzia, nitakuletea kingine. Hesabu moja mpaka tatu moyoni, rudia alichosema, kisha sema unachokwenda kufanya na lini utarudi.

Zamu ya majaribio ni ndefu kuliko igizo na inatuambia zaidi. Fika mapema, uliza vijiko vya akiba viko wapi, vyombo vichafu vinapelekwa wapi na nambari za meza zinaanzia upande gani. Ukipita nyuma ya mtu mwenye trei, sema "nyuma yako". Ukienda jikoni usiende mikono mitupu, beba sahani chafu, hata za meza isiyo yako. Mezani kwa mwenzako glasi ikiwa tupu na yeye hayupo, mimina maji, kisha mwambie umefanya hivyo, asije akadhani hajahudumia.

Na ukizidiwa, sema mapema na sema sehemu. "Naomba mtu wa vinywaji meza 4 na 5" inasaidika. "Nimezidiwa" haisaidiki, kwa sababu anayekusikia hajui ashike wapi. Kila msimu tunamwona kijana hodari anayenyamaza mpaka meza zake zote zinanyanyua mikono kwa pamoja, akidhani kuomba msaada kutamwangusha. Anayeangushwa ni yeye. Aliyeomba mtu wa vinywaji dakika ya tano huwa tumeshamwandika.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Uliza: "Mgahawa ukijaa na mhudumu mmoja amekwama na mgeni, nani huchukua meza zake?" Sikiliza kama wanamtaja mtu na kazi yake, au wanasema kila mmoja huangalia sehemu yake.